Likizo, kashata na daftari: jinsi mtoto wa sekondari anavyoweza kupata hela yake hapa Tanga bila kuzurura barabarani

Kila likizo ikikaribia hapa Tanga naulizwa swali lile lile na watoto wa mtaani, ma'mdogo nataka hela yangu mwenyewe nifanye nini, na kila mtu ana jibu lake, kabebe mizigo Mgandini, kauze maji stendi, shika bodaboda ya binamu yako. Mi jibu langu ni moja tu na ndo ntakaloliandika hapa kwa urefu, maana mwezi wa sita nilimsimamia mtoto wa dada angu, binti wa miaka 15 yuko kidato cha pili, tukaanza na mkopo wa buku kumi wa mama yake mpaka likizo inaisha. Pika kashata za nazi, afu usizitembeze. Wape wauza kahawa.

Hilo la kutozitembeza ndo siri yote, nisikilize kidogo. Mtoto akibeba sinia kichwani anazunguka Ngamiani nzima anauzia watu asiowajua, anaingia nyumba asizozijua, anarudi na giza. Ila pale barazani kuna babu anayeuza kahawa kila siku ya Mungu, na kahawa chungu haiendi bila kitu kitamu mdomoni, kwaiyo yule babu anahitaji kashata kila siku na wazee wengi hawazipiki wenyewe, wananunua. Ukimpelekea yeye unakuwa na wateja wawili watatu wa kudumu, mama yako anawajua kwa sura, unakwenda kwa saa inayojulikana na kurudi kwa saa inayojulikana. Faida kwa kashata moja inapungua, ndio, ila usalama unaongezeka sana na miguu inapumzika.

Ruhusa kwanza, na siyo ile ya "sawa" ya haraka haraka

Watoto wengi wanaomba ruhusa mama akiwa anaoga au baba akiwa anaangalia mpira, anajibiwa "eeh sawa" afu kesho moto unawaka ndo kelele zinaanza. Hiyo siyo ruhusa. Kaa nao chini wote wawili kama wapo, au yule anayekulea, na uwe na majibu ya mambo haya kabla hawajakuuliza: jiko nitatumia lini na mkaa wa nani, mtaji unatoka wapi na unarudi lini, nani atakuwa nyumbani wakati napika sukari, nampelekea nani na narudi saa ngapi, hela inakaa wapi.

Kwetu dada angu alitoa masharti manne na tukayaandika ukurasa wa kwanza wa daftari. Sukari haipandi jikoni kama hakuna mtu mzima nyumbani. Kupeleka ni saa tisa mchana, na kabla ya magharibi mtoto yuko ndani. Hela za kwenye simu zinaingia simu ya mama, kwanza mtoto hana laini yake. Na la nne, kazi za nyumbani na madrasa ziko pale pale, asije akaanza kusema amechoka na kashata.

Sheria nayo inasema nini, maana wazazi wanaogopa kuambiwa wanatumikisha mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto mpaka afike miaka 18, inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, ile isiyomdhuru afya wala kumharibia shule. Kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, hairuhusiwi kabisa. Na kuna kazi zimetajwa waziwazi kuwa za hatari kwa mtoto, kwenda baharini, migodini na machimboni, kubeba mizigo mizito, viwanda vya kemikali, sehemu za mashine, na kazi za baa, hoteli na kumbi za starehe. Kwaiyo lile wazo la kwenda kuvua na mjomba usiku au kuhudumia meza kule ufukweni litoe kichwani, hata kama unasema we una nguvu. Kupika kashata nyumbani kwa mama mchana wakati shule imefungwa iko upande salama. Kama mtoto ana miaka 12 basi asiwe mpishi wala mwenye biashara, amsaidie dada yake kuhesabu tu.

Na kwa vile ni chakula cha kuuzia watu, mzazi apite ofisi ya serikali ya mtaa na kwa bwana afya wa kata aulize wanataka nini, wanaouza chakula hutakiwa kupima afya na kila sehemu ina taratibu zake. Aende mzazi, siyo mtoto. Ni safari ya asubuhi moja.

Kutafuta mnunuzi kabla ya kununua nazi

Hapa ndo watu wanakosea mpangilio, wanapika kwanza afu ndo wanatafuta wa kumuuzia, na kashata za nazi mbichi hazina subira. Sisi tulienda mimi na yeye, alasiri, kwa babu mmoja anayekaa na dele lake kwenye zile barabara za namba pale Ngamiani, ananijua tangu mdogo. Mtoto akasalimia, shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu hujambo, sijambo babu. Afu nikamwacha aongee mwenyewe.

"Babu nataka niwe nakuletea kashata za nazi likizo hii."

"Unajua kupika we?"

"Najua, na ma'mdogo ananisimamia."

"Za wiki iliopita nliletewa zinanata kama gundi. Ukileta za kunata nakurudishia zote."

Hiyo ndo ilikuwa mahojiano ya kazi. Tukakubaliana hivi: yeye anauza mia mbili, anachukua kwetu kwa mia na hamsini, anachukua mali kauli, yaani anapokea leo analipa kesho alasiri baada ya kuuza, zilizobaki nzima anaruhusiwa kurudisha ndani ya siku mbili. Mali kauli kwa mtoto inataka uangalifu, usimpe mtu mzigo wa pili kama hajalipa wa kwanza, hata kama ni babu wa watu na anakuita mchumba kwa utani. Tukapata na muuza kahawa mwingine karibu na msikiti, na duka la jirani linalochukua kumi kumi. Jumla oda 56 kila tukipika. Basi, tukapika za 56 na si zaidi.

Manunuzi, na hela halisi

Hizi ni bei tulizonunulia sisi, za kwako zitakuwa tofauti, weka zako. Nazi tatu za wastani kwa buku moja moja, 3,000. Sukari robo tatu kilo, kilo ilikuwa 3,000 kwaiyo 2,250. Iliki ya 300. Mkaa tuliuhesabia 700 ingawa ulikuwa wa mama, maana usipouhesabu unajidanganya. Mafuta ya kupaka sinia na chumvi 250. Jumla 6,500.

Inatoka sinia moja ya vipande kama 60. Vinne vitavunjika au vitaliwa na wadogo zako usiku, vihesabu tangu mwanzo. Vinabaki 56 mara 150, ni 8,400. Toa 6,500, faida 1,900.

Najua unaona ndogo. Ni ndogo kweli, kukuna, kupika na kupeleka ni kama masaa matatu. Ndo maana nasema usikope mtaji mkubwa na usinunue vyombo vipya, sinia azima, mbuzi azima, ukianza kununua sufuria mpya likizo itaisha unadaiwa.

Kuchagua nazi: tikisa karibu na sikio, usikie maji yanacheza. Isiyo na maji kabisa iache. Angalia yale macho matatu, yakiwa na unyevu au ukungu hiyo imeshaoza. Chukua nazi kavu iliyokomaa, siyo koroma, koroma ina maji mengi kwenye nyama na kashata hazitoshika. Ukivunja, nusa na onja kipande kidogo kabla hujaikuna, na kila moja ikunwe kwenye bakuli lake kabla ya kuchanganya, maana nazi moja iliyovunda inaharibu hela ya nazi tatu. Hii niliifanya mimi zamani sitosahau.

Kupika

Jiko la mkaa liwekwe nje au kibarazani penye hewa, siyo ndani ya chumba umefunga mlango sababu ya upepo, moshi wa mkaa usioonekana unaua. Nawa mikono mpaka kwenye viwiko na sabuni, kucha fupi, funga nywele, vua pete na bangili. Mwenye kuharisha au kidonda mkononi siku hiyo hapiki, mnapumzika.

Unapokuna nazi chukua ile nyeupe tu, ukifika kwenye ganda la kahawia simama, vinginevyo kashata zinakuwa na madoa na uchungu kidogo. Usikamue tui. Nazi iliyokamuliwa inatoa kashata kavu zisizo na ladha, kuna watu wanafanya hivo ili tui liende kwenye wali, babu akitafuna atajua.

Paka sinia mafuta kabla hujawasha moto, weka pembeni na kisu chake, maana baadae hutopata nafasi. Sufuria iwe nzito, nyembamba inaunguza. Weka sukari robo tatu na maji kikombe kimoja cha chai, moto wa wastani, koroga mpaka sukari iyeyuke afu iache ichemke. Povu litapanda, baadae mapovu yanakuwa makubwa na mazito yanapasuka polepole. Chukua bakuli la maji ya baridi, dondosha tone la shira. Likitawanyika bado. Likitulia chini na ukalikusanya kwa vidole ndani ya maji likawa kagololi kalaini, tayari. Hapo weka nazi yote, iliki iliyotwangwa kijiko cha chai na chumvi kidogo sana.

Sasa koroga. Punguza moto na koroga usiache, kama dakika kumi na tano au ishirini, mkono utauma. Mwanzoni nazi inaachia maji yake na mchanganyiko unalegea, mtu anaogopa anaongeza sukari, usiongeze. Baadae unaanza kushikana na kuachana na sufuria, ukipitisha mwiko chini unaona njia haijifungi haraka. Ila bado siyo mwisho. Alama ya mwisho ni mng'ao: wakati wote huo mchanganyiko unang'aa kama umepakwa mafuta, ikifika wakati ule mng'ao unafifia na kingoni kwenye sufuria unaona weupe weupe kama chumvi imekauka. Hiyo ni sukari inarudi kuwa punje na ndo itakayozigandisha kashata. Epua hapo hapo, mwaga kwenye sinia, sawazisha na mgongo wa mwiko uliopakwa mafuta, unene wa kidole kidogo. Subiri dakika mbili tatu ukate ingali moto, mistari ya mshazari. Ukisubiri ipoe itavunjika ovyo. Afu iache ipoe kabisa kama saa nzima, imefunikwa na wavu au kitambaa safi sababu ya nzi.

Kuhusu kuungua. Shira inapita joto la maji yanayochemka na zaidi ya hapo inanata, maji ya moto yanamwagika yanateremka, shira inabaki pale pale inaendelea kuchoma. Ndo maana sharti la mtu mzima halina mjadala. Wadogo wasipite karibu na jiko, mshiko wa sufuria uwe na kitambaa kikavu (kilicholowa kinapitisha joto), vaa viatu vilivyofunika vidole, siyo ndala, kanga iliyoning'inia ifunge. Mtu akidondokewa, mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka dakika 20 kwa saa, kama hakuna bomba mmiminie kwa kata. Usipake dawa ya meno, samli, yai wala unga wa ngano. Ikiwa na malengelenge makubwa au ni usoni au ni mtoto mdogo, mnaenda hospitali.

Sinia ya kwanza ilivyotuharibikia

Jumatatu ya kwanza binti alifika kwenye hatua ya kuachana na sufuria, mkono umechoka, akaniambia ma'mdogo si zimeshikana hizi, nami nilikuwa naongea na simu nikasema eeh. Akamwaga zikiwa bado zinang'aa. Zikakatika vizuri tu kwa macho. Tukaziacha wazi usiku kucha juu ya kabati, na unyevu wa Tanga unaujua, hewa ya bahari, asubuhi zilikuwa zimelegea, ukiinyanyua moja inakuja na mwenzake.

Tulivyokuwa wajinga tukampelekea babu. Akabonyeza moja na kidole, akatuangalia, hakusema neno, akazirudisha zote. Ilibidi tuziuze mtaani kwa mia mia vipande 20, buku mbili, zingine zikaliwa na watoto. Hasara 4,500.

Nilichotakiwa kufanya asubuhi ile, na nawaambia nyie, ni kuzirudisha sufuriani. Kashata zikinata vunja vunja vipande, ongeza vijiko vitatu vya maji, moto mdogo, koroga zilegee mpaka zikauke tena mng'ao ufifie, mwaga upya. Zinakuwa na rangi kidogo ila zinauzika. Zikitokea kinyume, kavu zinamong'onyoka kama mchanga, umechelewa kuepua, dawa ni ile ile ila maji yazidi kidogo na uwahi kuepua. Zikiungua chini usikwangue, mwaga ya juu tu, harufu ya kuungua haifichwi na iliki hata uweke kilo.

Zikishapoa zihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko mkavu, ndoo ndogo ya mfuniko inatosha, na ndo hiyo hiyo ya kupelekea. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na kashata hazihitaji mfuko, babu ana chupa yake ya kioo. Kwa hali ya hewa yetu hesabu siku tatu, siku ya nne usiuze. Ukinusa ukapata harufu ya mafuta yaliyokaa au uchachu, au ukaona doa la ukungu hata moja, tupa yote, usikate kipande kibovu ukauza kilichobaki. Mtu akiumwa tumbo barazani mtaa mzima utajua kabla ya isha.

Kuna anayeuliza kwanini siyo kashata za karanga, zinakaa zaidi. Kweli zinakaa, ila sukari yake inayeyushwa kavu mpaka inakuwa ya kahawia, ni moto kuliko hii, mi simpi mtoto anayeanza. Na karanga zilizosinyaa au zenye ukungu zina sumukuvu, haitoki kwa kukaanga.

Mtaji uliokatika na jinsi ulivyorudi

Hapa daftari lilitusaidia. Baada ya ile hasara mkononi tulikuwa na 3,500 iliyobaki kwenye mkopo na 2,000 ya mauzo, jumla 5,500, na sinia nzima ni 6,500. Binti akataka amuombe mama yake buku. Nikamwambia hapana, punguza mzigo. Jumatano tukapika nazi mbili na sukari nusu kilo, gharama ikawa 4,700 ukijumlisha na mkaa, vikatoka vipande 40, tukauza 38. Babu alikuwa mgumu, alichukua 22 tu kwa kujaribu, yule wa msikitini 16. Ikaingia 5,700, ukijumlisha na 800 iliyobaki ni 6,500 kamili. Mtaji wa sinia moja, hata senti haijazidi. Ijumaa tukapika sinia nzima na kuanzia hapo hatukurudi nyuma.

Daftari lenyewe halina ufundi, tarehe, gharama, vipande vilivyotoka, nani kachukua vingapi, nani kalipa kiasi gani. Mfano ukurasa mmoja: "Jumatatu. gharama 6,500. babu 30, msikitini 16, dukani 10. Jumanne nimepokea 4,500 + 2,400 + 1,500 = 8,400." Ukiandika hapo hapo barazani mbele ya mwenyewe hakuna ugomvi. Siku moja babu alisema alipewa 28, binti akafungua daftari, babu akacheka akalipa za 30. Bila lile karatasi mtoto atabishana vipi na mzee?

Tulikuwa tunapika Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kukusanya hela siku inayofuata. Likizo ya wiki nne ni mara kumi na mbili: ya kwanza hasara 4,500, ya pili faida 1,000, kumi zilizobaki 1,900 kila moja ni 19,000. Inabaki 15,500. Halafu ikaja oda ya shughuli ya jirani, vipande 110 kwa mia mbili, sababu hapo hakuna wa kati, 22,000, gharama 13,000, faida 9,000. Jumla ya likizo nzima 24,500 baada ya kumrudishia mama buku kumi yake. Angalia hapo, oda moja imezidi faida ya sinia nne. Kwaiyo kama mtaani kwenu kuna maulidi, khitma au harusi zimepangwa, mama awaambie wenye shughuli mapema. Ila oda inataka advansi inayofika gharama yote, sisi tulichukua 13,000 kabla ya kununua nazi hata moja, watu wanaahirisha shughuli na nazi sita zinabaki kwako.

Njiani na barazani

Kupeleka anakwenda na mdogo wake, wawili, njia kubwa, saa tisa. Barazani unasalimia, unahesabu, unaandika, unaondoka. Pale kuna wazee wa heshima ila kuna na wapita njia, usikae kusikiliza stori wala kucheza bao. Oda ya nyumbani kwa mtu inapelekwa na mtu mzima, haijalishi ni jirani. Mtu akisema "njoo ndani chenji iko chumbani", jibu ni chenji utampa mama, unaondoka, hata kashata ukiziacha, sinia nzima haizidi buku nane na mia nne. Namba ya mama ndo inayotolewa, siyo ya mtoto. Na kukitokea maneno machafu au mkono usio na adabu, mtoto aseme nyumbani siku hiyo hiyo, na akiona nyumbani hasikilizwi kuna 116, huduma ya simu kwa mtoto, kupiga ni bure.

Wazazi nanyi hela ya mtoto msiifanye ya mboga. Dada angu siku moja alichukua buku tatu kwenye kopo "nitarudisha", binti akanuna siku mbili na kusema hapiki tena, na alikuwa na haki. Tukaiandika kwenye daftari kama deni, kama la babu tu, ikalipwa Ijumaa.

Kufunga

Wiki ya mwisho usipike mpaka siku ya mwisho. Siku saba kabla ya shule kufunguliwa mtoto amwambie kila mnunuzi, babu Ijumaa ijayo ni ya mwisho nafungua shule, ili naye atafute wa kumpelekea. Ijumaa hiyo pika nusu tu, na isiwe mali kauli, iwe taslimu, maana deni la mwisho ndo gumu kulipika na mtoto hatokuwa na muda wa kwenda kulidai akiwa na sare. Rudisha mbuzi na sinia za watu zimeoshwa. Binti alilipa deni la mama yake kwanza, akaweka kopo 6,500 za mtaji wa Disemba, na 18,000 iliyobaki ikaenda kwenye viatu vya shule. Babu wa kahawa alimuuliza Disemba unakuja? Akamwambia nikifaulu babu. Akamwambia basi usome, ila zile za kunata usiniletee tena.